Dakika ya Thelathini na Moja ya Mhadhara wa Saba

Nilikuwa mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Moshi, na kazi niliyobebeshwa bila kuiomba ilikuwa kurekodi mihadhara ya Daktari mmoja wa uchumi wa kilimo. Nikimaliza kurekodi naipandisha kwenye mfumo wa masomo na kuiandikia maelezo: jina la kozi, namba ya mhadhara, mada, dakika ambayo kila jambo linaanza, na chini kabisa vitu vya kusoma. Wanafunzi wanaojiandaa na mtihani huyategemea sana maelezo hayo. Bando ni ghali, na hakuna anayetaka kutazama saa nzima akitafuta jambo la dakika tano.

Mhadhara wa saba ulihusu maamuzi ya mkulima mdogo. Nimesimama nyuma ya kamera yangu, nimetulia, mara Daktari akaninyooshea kidole. "Mama wa huyu msaidizi wangu, kule Kirua Vunjo, aling'oa kahawa yote kwenye kihamba, shamba la ukoo la marehemu mumewe, akapanda nyanya. Huo ndio ujinga tunaopambana nao." Darasa likacheka. Sikuzima kamera, kazi ni kazi.

Habari hiyo alipewa na mama mwenyewe. Daktari alikuja kutupa pole baba alipofariki, mama akampakulia machalari ya ndizi na nyama, akala akaongezewa, na katika mazungumzo mama akamsimulia: bei ya kahawa ilianguka, nami bintiye nilidaiwa ada. Kumbe mgeni alibeba nusu ya maneno na kuiacha sababu mezani.

Nilimwomba aniruhusu nikikate kipande hicho.

"Ni mfano tu, binti," alisema. "Usichukulie kila kitu moyoni."

Nikaipandisha video kama ilivyo, maelezo nikayaacha kwanza, na Jumapili nikapanda nyumbani. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, hakuinua macho. Kijana wa jirani anayesoma chuoni kwetu alikuwa amewaonyesha watu video hiyo kwenye simu, nje ya kanisa, baada ya ibada.

"Hicho kitu kitakaa huko mpaka lini?" mama aliniuliza.

"Kitakaa, mama. Ni cha wanafunzi kurudia masomo. Wa mwaka huu na wa mwakani."

"Basi na mwakani nitakuwa mjinga."

Akaendelea kumenya. Mimi nilimchukia Daktari siku ile, nakiri bila aibu, na chuki hiyo nikashuka nayo mpaka mjini. Nilitaka aumie palepale alipomuumizia mama, mbele ya watu walewale.

Kukata video bila idhini yake sikuruhusiwa. Lakini maelezo yalikuwa yangu. Nikakaa ofisini nikayaandika kwa utulivu wote, kwa Kiingereza kilichonyooka, na yakifasiriwa kwa Kiswahili yalikuwa hivi:

"Uchumi wa Kilimo. Mhadhara wa 7: Maamuzi ya mkulima mdogo. Dakika ya 31: Mhadhiri anamwita mama wa msaidizi wake mjinga kwa kung'oa kahawa. Sababu za mama huyo hazitajwi. Kusoma: kitini cha kozi, sura ya nne, bei inapoanguka. Soma, kisha linganisha na dakika ya 31."

Hakuna neno la uongo hapo. Daktari hakuwa na desturi ya kusoma maelezo yangu, na sura ya nne aliipanga mwenyewe.

Majaribio yalipokaribia, wanafunzi wakaanza kumfuata. Walitaka kujua kama wajibu maswali kwa kumfuata yeye au kwa kufuata kitini. Akaja ofisini kwangu amekunja uso.

"Futa ule mstari."

"Sawa, Daktari." Nikafungua ukurasa, nikaufuta mbele ya macho yake, nikaweka vidole kwenye kibodi. "Dakika ya thelathini na moja niandike kuna nini?"

"Andika mfano wa mkulima."

"Mfano wa nini?"

"Wa uamuzi mbaya."

"Sura ya nne inasema bei ikianguka hivyo, ni uamuzi wa busara. Watarudi kukuuliza."

Akachukua kitini mezani kwangu, akaisoma sura ya nne akiwa amesimama.  Sijawahi kufurahia kumtazama mtu akisoma kiasi kile.

"Tutarekodi upya," alisema mwishowe.

Tulirekodi kwenye ukumbi mtupu. Alipofika kwenye mfano wake alitazama sakafu, akasema haraka haraka kwamba mama mmoja wa Kirua Vunjo aling'oa kahawa bei ilipoanguka, akapanda nyanya, akasomesha mtoto, na kwamba mama huyo alikuwa na akili kuliko waliomcheka.

"Samahani, Daktari," nikasema nikiwa nimevaa visikilizio. "Sauti haikuingia vizuri. Tuanzie kwa yule mama."

Akarudia. Nikamwomba arudie tena, safari hii akiitazama kamera, taratibu, wanafunzi wamsikie. Jasho lilikuwa linamtoka.

Sauti ilikuwa safi tangu mara ya kwanza.