Kibendera cha Dada Yangu

Kwetu Palma, maji ya bahari yakipwa, tunacheza mpira kwenye mchanga mbichi. Siku moja mshambuliaji alinitoroka akafunga, nami nikamvaa mshika kibendera, dada yangu mdogo.

"Ameotea! Tazama nyayo zake, kanipita mbali!"

Hakutetereka. "Kaka, hapo ndipo alipoupokea. Mimi natazama mpira unapotoka mguuni mwa mwenzake. Wakati ule wewe ulikuwa wa pili kutoka mwisho, nyuma yako kipa tu, na huyo mshambuliaji mlikuwa sambamba. Aliye sambamba hajaotea."

Nilifoka mpaka mate yakaniruka. Kocha wetu, baba yetu mzazi, alimkazia macho dada. Kibendera kikabaki chini, tukafungwa.

Tangu hapo, timu zinazokuja kucheza nasi humtaka dada yangu tu ashike kibendera.