Lori Lililomsonya Shangazi

Nasema mapema ili tusigombane: aliyeliokoa lile lori si mimi, wala si fundi. Ni mdomo wa shangazi yangu.

Lori ni lake, dereva ni mimi. Limebeba mawe ya kujengea kutoka Waa hadi Diani miaka mpaka saa ya kilomita ikachoka kuhesabu. Halafu likaanza kufuka pasipofaa. Injini ina mpira wa kupumulia, mafundi huuita bridha, unaotoa hewa ya tumboni isije ikajaa humo. Ule wetu ulikuwa unatoa ukungu mzito wa oili, unanuka, unapaka chasisi yote. Nikipunguza mwendo kwenye matuta ya Ukunda, watu walinisalimia huku wamefunika pua.

Shangazi akachoka. Akamwita mtu wa vyuma chakavu wa Likoni aje baada ya adhuhuri alikate vipande, isipokuwa fundi aseme injini bado inafaa. Mimi nililipenda lori lile, naona haya kusema, kuliko baadhi ya jamaa zangu. Asubuhi hiyo nililipeleka gereji, shangazi kando yangu, breki nikizikanyaga njia nzima.

Fundi ni mtu wa bara. Aliacha injini moto ikinguruma taratibu, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akakigeuza juu chini na kukilaza tu juu ya tundu lake. Kikitetemeka, alisema, ni uzee wa kawaida. Kikirushwa, moto wa mafuta unapenya kwenye ringi za pistoni na kushukia tumboni. Kifuniko kikaruka, kikagonga redieta, kikabingirika hadi miguuni pa shangazi.

"Madhe, hii injini inapumua sana," alisema fundi. "Ringi zimeisha."

"Inapumua?"

"Sana."

"Sasa mwanangu, kitu kinapumua nawe wataka kukizika?"

Hapo ndipo alipoanza. Shangazi akianza hamalizi upesi. Alianza na fundi ambaye hakumwamkia shikamoo, akaja kwangu na uendeshaji wangu, akampitia na marehemu babangu kidogo. Hakuna aliyethubutu kuzima injini. Fundi alikuwa amekirudisha kifuniko juu ya tundu na kukikandamiza kwa kiganja, macho chini. Shangazi alikuwa amefika kwa wajomba pale lori lilipotoa sauti kali: pssss!

Akaligeukia.

"Linanisonya mimi?"

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tairi. Nilijaribu kumweleza kwamba ni upepo wa breki tu, tangi likijaa kompresa, ile pampu ya upepo, hupumzika na valvu hutema, lakini kicheko kilinizidi. Fundi naye alicheka, na kwa kucheka akaondoa kiganja. Kifuniko hakikuruka. Kililala pale pale, kinatetemeka.

Fundi akaacha kucheka.

"Panda, kanyaga breki. Tena. Tena."

Nilikanyaga mpaka upepo ukashuka, kompresa ikaanza kujaza upya, na kifuniko kikaruka. Tukangoja. Pssss! Kikatulia. Tulirudia mara tano, watu wazima, tumefurahi hatuna haya, na kila liliposonya shangazi aliliambia lina adabu mbaya.

Kompresa huzungushwa na injini na hunywa oili ile ile. Ringi za kompresa ndizo zilizokwisha, si za injini: ikisukuma upepo kwenda tangini, nusu unarudi kwenye tumbo la injini na kutokea kwa bridha. Ili ahakikishe, fundi alifungua bomba liendalo tangini, kompresa ikapuliza nje bila kusukuma chochote. Kifuniko kikatulia tuli, na ukungu wa bridha ukapungua ukawa uzi.

"Ukimwaga maji ya tangi la upepo asubuhi," aliniuliza, "hutoka oili?"

Kicheko kikanikauka. Ilitoka, tena nyeusi. Kwa miezi nilikuwa naipangusa kwa kitambaa kabla shangazi hajaamka, nikiogopa kwamba akiiona atasema lori lina ugonjwa na kuliuza. Dalili yenyewe ndiyo niliyoificha. Nilimwambia shangazi pale pale, na niliona aibu kweli.

Simu yake iliita. Ni yule wa vyuma, amekwisha kutoka Likoni.

"Pole kwa safari, baba," alimwambia. "Hapa hatuna maiti."

Jioni kompresa nyingine ilikuwa imefungwa. Tukalaza kifuniko kwa mara ya mwisho, na shangazi akainama akakitazama.

"Mbona bado kinatetemeka?"

"Ni uzee wa kawaida, shangazi," nilisema.

Akaunyoosha mkono wake kando ya kifuniko, akautazama nao ukitetemeka, kisha akaurudisha ndani ya leso.

"Basi liache lifanye kazi," alisema. "Na hicho kitambaa chako kesho niletee mimi nikione."