Mbele ya msikiti, nyuma ya msikiti

Safiyo alizaliwa Djibouti akaolewa Garissa, na kwa miaka sita Kifaransa chake hakikumfaa kitu. Mumewe Jelle, muuza ng'ombe, alikuwa akiwafurahisha wageni wake kwa kumwambia, "Hebu waongeleshe Kifaransa," nao wanacheka mpaka chai inamwagika. Mwaka wa ukame, 1992, madaktari wa Kifaransa wakaja na magari yao meupe, na siku hiyo hiyo mtu wa kuchekwa akawa mtu wa kutafutwa. Wakamweka kwenye redio ya ofisi. Sharti lilikuwa moja: redio haiachwi, hata dunia ipinduke, maana magari mengine yako njia ya mpakani.

Basi alasiri moja akaingia jirani yake Sharifo, pumzi juu juu.

"Abaayo, dada yangu, mtoto wa wifi yako Qali anaharisha tangu jana. Sasa hata kulia halii."

Watoto ambao hata kulia hawalii, Safiyo alishawaona, na wengine alishawazika. Bahati nzuri muuguzi, bibi Hélène, alikuwa barabarani na gari, anatoka hospitali. Alikuwa mgeni wa siku tatu tu, na lugha ya mji hajui hata salamu.

Safiyo akabonyeza redio. Maelekezo ya njia alifundishwa shuleni, kwa picha ya mji wenye kanisa, benki na duka la mikate, akayakariri kama sura ya Kurani. *Allez tout droit*, nenda moja kwa moja. *Après le marché, tournez à gauche*, ukipita soko, kata kushoto. *La maison est derrière la mosquée, entre le moulin et le tailleur*: nyumba iko nyuma ya msikiti, kati ya mashine ya kusaga na fundi cherehani. Akajisikia vizuri sana.

Redio ikakoroma. Hélène akasema yuko nyuma ya msikiti. Mashine hakuna. Fundi hakuna. Kuna ukuta na punda wawili.

"Punda?" Safiyo akashangaa. Pale hakuna punda. "*À droite*, basi, kata kulia!"

Akakata kulia, akatokea kwenye maegesho ya malori. Safiyo akasema kushoto. Akatokea kwenye boma la miiba. Kila neno lilikuwa sahihi, mwalimu wake mwenyewe asingepata pa kusahihisha, na kila neno lilizidi kumpoteza yule mama wa watu.

"Si umwambie msikiti!" Sharifo akafoka. Hajui neno la Kifaransa lakini ushauri anao. "Msikiti nani asiyeuona?"

"Ameshafika msikitini, Sharifo! Yuko nyuma yake!"

"Nyuma ndiyo kwa Qali. Sasa amepoteaje?"

Safiyo alijikasirikia mwenyewe: miaka sita ya kuchekwa, na leo ndiyo leo, Kifaransa kinamuua mtoto wa wifi yake. Akamwomba Hélène arudi msikitini, asimame, amwambie anachokiona mbele yake.

"Ukuta," akajibu Hélène. "Umevimba katikati, kama tumbo. Hauna mlango."

Safiyo akajipiga paji la uso. Huko ndiko kibla! Ule uvimbe ndipo anaposimama imamu, na kwake yeye mbele ya msikiti ni mbele ya imamu, kama watu wanavyosimama kusali. Mlango na viatu viko nyuma. Kwa Hélène, mbele ya jengo lolote ni mlangoni. Kumbe alimwambia aende nyuma, naye akaenda nyuma kwelikweli, nyuma ya kwao. Na tangu hapo kulia na kushoto vyote vilikuwa vya mtu aliyesimama upande mwingine.

"*Faites le tour de la mosquée*," akasema polepole. Zunguka msikiti. "*Mettez-vous dos à la porte*." Upe mlango mgongo. "*La maison est en face de vous*." Nyumba inakutazama.

Kisha redio ikanyamaza. Sharifo akaanza kusoma dua. Safiyo alishika kisemeo cha redio kwa mikono miwili, na hakujua tena mbele ni wapi, hata ya chumba alimokaa.

"Safiyo?" Sauti ya Hélène. "*Je suis devant la mosquée*." Niko mbele ya msikiti.

Safiyo akakisogeza kisemeo mdomoni. "Mbele yako," akauliza, "au mbele yangu?"

Redio ikakoroma, na ndani ya ule mkoromo, mbali, kidogo, mtoto akalia.

"Nyuma yako, Safiyo," Hélène akasema. "Niko kwa Qali."