Anayemngoja Bibi

Asiyemjua mke wangu aniulize mimi, ila aje na kiti. Yuko mapokezi kwenye kliniki ya macho, na ndiye anayewatumia wagonjwa ujumbe wa simu. Ule aliourithi kwa aliyemtangulia ulisema: "Upasuaji ni kesho. Fika saa mbili. Osha uso. Usipake mafuta. Njoo na mtu."

"Huu ni wito wa polisi!" nilimwambia. "Mimi ningezima simu."

Wagonjwa nao walikuwa wanaingia mitini. Nikamshauri amwage tafadhali na samahani za kutosha. Akanikata jicho.

"Utarefuka, na hautasomwa. Halafu anayeogopa kisu hana haja na adabu zangu, baba watoto. Anataka kujua kuna mtu upande wa pili."

Akakaa mezani akaziunganisha zile amri, akaongeza maneno machache tu, akamtumia mgonjwa wa kesho yake: "Bibi, tunakungoja kesho saa mbili kwa upasuaji. Osha uso, usipake mafuta, na uje na mtu wa kukushika mkono."

Kesho yake asubuhi nilikuwa pale, nimempelekea chai. Akaingia bibi mmoja aliyekwisha kukimbia upasuaji mara mbili, ameshikwa mkono na bintiye. Daktari mwenyewe akatoka kumpokea.

Bibi akamsogeza kando kwa fimbo.

"Wewe subiri, mwanangu. Kwanza nionyesheni huyo anayeningoja."

Nikamwonyesha mke wangu. Niliinuka kitini kabisa.