Barua ya Mahfudha kwa Mameneja wa Benki

Mahfudha hakuzaliwa na damu ya uaskari. Kwao Langoni, mtaa wa Lamu, ni washona kofia, na utotoni mtu angemwambia kwamba siku moja ataamrisha wanaume wenye rungu, angecheka mpaka sindano imdondoke. Kampuni ya ulinzi ya Daka ilianzishwa na mumewe Bakr, polisi mstaafu. Bakr alipopooza upande mmoja, sisi majirani tulijua mambo yameisha. Tulikosea. Mahfudha alijifunga buibui lake, akaenda kukagua malindo kila alfajiri baada ya sala, na soja aliyekutwa amelala siku hizo za mwanzo hadi leo hapendi kulizungumza jambo hilo.

Lakini mwaka jana nyumba za wageni ziliingia baridi. Moja baada ya nyingine zilimwambia asante, tutakuita wageni wakirudi. Yakabaki majumba machache ya mji wa kale ambayo wenyewe wanaishi mbali. Fawaz, mkuu wa maaskari wake, mtu mwenye watoto wadogo, alimuuliza kwa upole kama atafute kazi Mombasa. Mahfudha alimwomba avumilie. Akiupata ulinzi wa benki, kampuni itasimama. Akiukosa, ataifunga, na Bakr ataishuhudia ikifungwa akiwa kitandani.

Kwa hiyo akakaa chini kuandika barua ya utambulisho na wasifu wa kampuni, apeleke kwa mameneja wa matawi matatu ya mjini. Barua yenyewe ilikuwa fupi na ya heshima: sisi ni nani, tuko wapi, tunaomba kuonana nawe. Wasifu ndio uliomkesheza. Aliandika usajili wao kwa mamlaka ya ulinzi binafsi, cheti cha kodi, bima ya wafanyakazi, vyeti vya mwenendo mwema vya askari na mafunzo waliyopitia. Akaeleza bila kuficha kwamba askari wake hawabebi bunduki. Bunduki za benki ni za polisi, wao kazi yao ni mlango, foleni, ukaguzi wa mikoba na kitabu cha matukio. Mpaka hapo hata kampuni kubwa ya Nairobi isingeandika vizuri zaidi.

Kisha akafika kwenye wateja. Hapo Mahfudha aliandika kama mtu wa Lamu. Kwetu, ukitaka kujua mtu anaaminika kiasi gani, huulizi vyeti. Unauliza ni nani waliomwachia funguo. Mtu akisafiri, akafunga nyumba ya mababu yenye sahani na masanduku yake, funguo zile anamkabidhi mtu mmoja tu, na mji mzima unamjua. Mahfudha alikuwa na heshima hiyo, na ukurasa wa pili akaimwaga yote. Nyumba ya Bi Mwanaarabu, aliye Mombasa kwa wanawe mpaka baada ya Hijja: askari huingia baada ya magharibi, funguo anazo mkurugenzi mwenyewe. Nyumba nyingine tatu akazieleza hivyo hivyo. Akapiga muhuri, akatia kwenye bahasha, akazipeleka kwa mkono wake.

Bwana Kiprotich, meneja wa tawi la kwanza, alimwita juma hilo hilo. Ni mtu wa bara, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Mahfudha alikwenda amevaa viatu vipya.

Meneja alimkaribisha, akamweleza kwanza kwamba yeye hana uwezo wa kuajiri walinzi. Zabuni hutolewa na makao makuu. Anachoweza ni kuipeleka barua pamoja na maoni yake, na maoni ya meneja wa tawi husikilizwa. Halafu akaufungua ukurasa wa pili na kuugeuza umwelekee mgeni.

"Bi Mahfudha, mimi simjui huyu mama," alisema. "Lakini sasa najua nyumba yake haina mtu, na najua saa ambayo mlango hauna askari. Ukipata kazi hapa, barua yako inayofuata utaandika nini kuhusu mlango wangu?"

Mahfudha aliniambia baadaye kwamba kwanza alipandwa na hasira. Mtu wa juzi, hajui hata nyumba ya nani iko wapi, amfundishe yeye amana! Kisha hasira ikamtoka ghafla, ikabaki aibu. Aliomba barua yake, akapewa.

Akatoka moja kwa moja kwenda tawi la pili. Bahasha ilikuwa bado kwa karani, imefunguliwa, imelazwa juu ya kaunta karibu na kalamu ya wateja. Aliichukua. Tawi la tatu walimwambia, kwa furaha kabisa, kwamba yake imeshapigwa picha na kutumwa Nairobi. Haikuwa tena na wa kuirudisha.

Angeweza kunyamaza. Nilimshauri anyamaze, na sioni haya kusema, kwa sababu nilimwonea huruma na nilijua Bi Mwanaarabu hana ulimi laini. Mahfudha alinitazama kama niliyemtukania mumewe. Alibadilisha saa za askari siku hiyo hiyo, akamweka Fawaz kwa Bi Mwanaarabu mchana pia, kisha akaketi kando ya kitanda cha Bakr na kuwapigia wenye nyumba mmoja mmoja. Wengine watatu walikemea, wakasamehe. Bi Mwanaarabu alisikiliza mpaka mwisho.

"Funguo mpe Nabhan," akasema, akakata simu.

Nabhan ni mpwa wake. Alikuja kuzichukua mchana kweupe, na barazani watu walikuwepo. Hakuna aliyeuliza kitu, na hilo ndilo lililomuumiza Mahfudha kuliko maneno. Askari wa nyumba hiyo waliambiwa waendelee mpaka mwisho wa mwezi. Bakr, ambaye maneno humtoka kwa shida, alimshika mkono akasema amefanya ndivyo ipasavyo. Mahfudha alilia, mara ya kwanza tangu ugonjwa wa mumewe.

Akaandika upya. Ukurasa wa pili sasa ulisema kwamba kampuni inalinda makazi na biashara, na kwamba mteja hatajwi bila ridhaa yake. Kwa tawi la tatu alituma na barua ya kuomba ile ya kwanza ifutwe. Kwa Bwana Kiprotich alikwenda mwenyewe.

Meneja alisoma taratibu. "Yule mama wa Mombasa, bado ni mteja wenu?"

"Hilo siwezi kukuyibu, Bwana."

Kiprotich alitabasamu kwa jibu hilo, lakini akasema kuna pengo. Makao makuu watataka angalau mteja mmoja aliyekubali kupigiwa simu. Bila jina hilo barua haitavuka meza ya kwanza, na yeye anaituma Alhamisi.

Mahfudha alirudi nyumbani. Amwombe nani jina, au ina kama tusemavyo Waamu, baada ya yote yale? Wale watatu walikuwa wamemsamehe juzi tu. Kuwarudia sasa aliona ni kukosa haya. Jumatano alasiri alimwita Fawaz, akamwambia atafute hiyo kazi ya Mombasa. Fawaz alikuwa angali mlangoni simu ilipolia.

Alikuwa Bi Mwanaarabu. Hakumjulia hali. Alisema Nabhan amemweleza kila kitu, hata habari ya meneja, maana Lamu hakuna la kufichika. Alisema amekaa siku zote hizi akijiuliza nani angempigia simu kumwambia kosa ambalo yeye asingelijua maishani, na hakumpata mwingine.

"Nabhan yuwaya na funguo," akasema, na kweli mpwa alikuwa njiani kuzirudisha. "Na hiyo barua yako, andika ina langu. Nyumba yangu usiiandike."