Kikomo cha Mara Nne

Pale kwenye wakala wa matangazo walimwita Bi Kikomo, kwanza kwa kumnong'ona, halafu waziwazi baada ya yeye mwenyewe kulizoea jina. Kazi yake ilikuwa kupanga tangazo la video liwafikie watu wangapi, na mtu mmoja alione mara ngapi kabla ya kuachwa apumue. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka na miaka, kwenye vyumba vya mikutano vyenye kiyoyozi kinachodondosha maji, akiwasikiliza watu wenye nguo zilizopigwa pasi vizuri wakieleza kwamba tangazo likirudiwa mara mia mteja atanunua mara mia. Aliwadharau wote kwa usawa. Hakuna aliyeweza kumlaumu kwa upendeleo.

Mwaka ule aliyekuwa na zamu ya kudharauliwa ni mkuu wa masoko wa kampuni moja ya magodoro. Walimpachika jina la Bwana Rudia, kwa sababu jibu lake kwa kila swali lilikuwa hilo. Mauzo yameshuka? Turudie. Watu wanalalamika? Wanalalamika kwa sababu wanatuona, basi turudie. Alikuwa na tabia ya kugonga meza kwa kalamu akishamaliza kusema, kana kwamba anapiga mhuri. Bi Kikomo alipenda kuitazama ile kalamu badala ya kumtazama mwenyewe, maana ilionekana kuwa na akili zaidi.

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Dereva amekaa kwenye basi lililoegeshwa, kichwa kinamwangukia kwenye usukani, honi inalia piii, abiria wanaruka. Kisha yule yule dereva anaonekana amelala kwenye godoro jipya, anaamka asubuhi uso unang'aa. Basi. Watu walicheka. Mara ya kwanza hata Bi Kikomo alicheka, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo tu.

Tatizo lilikuwa dereva. Siku ya kurekodi mwigizaji aliyelipwa hakutokea, na Bi Kikomo, ambaye hapendi kupoteza siku, alimpigia simu mdogo wake. Mdogo wake alikuwa dereva wa kweli, wa basi la shule, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima na uso wa kuchekesha bila kujitahidi. Nguo za maigizo zilimbana kwapani, akaigiza na shati lake la kazi, lile la kijani, mkono ukiwa umefunika nembo ya shule iliyo mfukoni. Alifurahi kama mtoto. Alimwambia kila mtu mtaani ataonekana kwenye simu zao.

Na wakamwona. Wakamwona mpaka wakachoka.

Wiki ya kwanza wazazi walimpungia mkono, "Dereva nyota!" Wiki ya pili walipiga honi wakimwiga. Wiki ya tatu hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja alimfungulia mwanawe mlango wa basi, akamkodolea macho dereva, akauliza, "Leo umelala lakini?" Hakuwa anatania. Wazazi wawili walikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu kusema hawataki watoto wao waendeshwe na mtu anayesinzia. Mwalimu mkuu, mama mkavu asiye na muda wa simu, aliwajibu kwamba tangazo hilo hajaliona, na hawezi kumhukumu mfanyakazi wake kwa kitu ambacho hajakiona.

"Amenitetea," mdogo wake alimwambia Bi Kikomo jikoni kwake, akikoroga chai iliyokwisha kupoa. "Lakini dada, wakienda tena? Jana dereva mmoja kwenye foleni ya mafuta amenihesabia. Anasema ameniona mara kumi na nane wiki hii. Kumi na nane! Mimi mke wangu mwenyewe hanioni mara kumi na nane kwa wiki."

"Tangazo siwezi kulizima. Kuna mkataba."

"Sikuambii ulizime. Punguza."

Kupunguza ndiyo ilikuwa fani yake. Kwa hiyo mara hii dharau yake ilikuwa na kazi ya kufanya.

Kesho yake aliwakuta Bwana Rudia na bosi wa wakala wamekwisha kuwasha projekta. Bwana Rudia alikuwa na grafu, na grafu yake ilipanda kama ngazi. Waliolitazama tangazo mara moja, wachache walinunua. Waliolitazama mara tano, wengi kidogo. Waliolitazama mara kumi na zaidi, walinunua kuliko wote.

"Unaona?" Akagonga meza. "Tuondoe kikomo kabisa. Aliyeona kumi, aone ishirini."

"Nani anayeonyeshwa tangazo mara kumi?" Bi Kikomo aliuliza.

"Mteja wetu."

"Mtambo unaogawa matangazo unamwonyesha nani? Unamfuata mtu aliyekwisha kutafuta magodoro mtandaoni. Kitanda chake kimevunjika, mgongo unamuuma, yuko njiani kununua. Unamganda mpaka dukani, halafu unajisifu kwamba wewe ndiye uliyemsukuma. Wanaolala hospitali siku nyingi ni wagonjwa kuliko wengine. Basi tuseme vitanda vya hospitali vinaleta ugonjwa?"

Bosi alikohoa. Bwana Rudia alisema wastani wa kampeni ni mara sita tu kwa mtu, na sita si nyingi.

"Huo wastani wako umeficha mengi," Bi Kikomo akasema. "Zaidi ya nusu ya watu wameliona mara moja au mbili. Kuna kikundi kidogo cha watu wanaoshinda kwenye simu, hao wameliona mara thelathini, arobaini. Ukiwachanganya unapata sita. Na hao wa arobaini ndio wanaokula bajeti yako."

Akaomba wiki tatu za jaribio, na bosi akampa shingo upande, ilimradi Bwana Rudia anyamaze.

Jaribio lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitetea. Watazamaji waligawanywa kwa bahati nasibu, bila kujali nani ana kitanda kibovu na nani hana. Kundi moja halikuonyeshwa godoro kabisa. Nafasi zake zilijazwa tangazo la kuchangia damu, ili pawe na watu wa kulinganisha nao. Kundi la pili liliwekewa kikomo cha mara mbili kwa wiki, la tatu mara nne, la nne mara nane. La tano liliachwa mikononi mwa Bwana Rudia, bila kikomo. Kisha wakasubiri na kuangalia kila kundi limeagiza magodoro mangapi.

Majibu yalipokuja Bi Kikomo hakujizuia. Aliyachora kwa mstari mmoja mkubwa, akaubandika ukutani kabla ya mkutano ili Bwana Rudia akutane nao mlangoni. Kutoka kutoona kabisa mpaka mara mbili, mstari ulipanda kwa nguvu. Kutoka mbili mpaka nne ulipanda kwa kujikongoja. Kutoka nne mpaka nane ulilala, na baada ya hapo uliendelea kulala. Kitu pekee kilichoongezeka kwenye kundi lisilo na kikomo ni watu waliobonyeza kitufe cha kukataa kuonyeshwa tangazo hilo tena.

"Hapa ndipo pesa yako inapolala," alisema, akigusa sehemu iliyonyooka. "Na inalala vizuri kuliko dereva wako. Utamu wote uko mwanzoni. Mara ya kwanza ndiyo inayofanya kazi kubwa, ya pili inasaidia, ya tatu na ya nne zinakumbusha. Baada ya hapo unamkera mtu bure."

Bwana Rudia aliinua kalamu, akaiangalia, akairudisha mfukoni. Bi Kikomo aliihesabu ishara hiyo kuwa ushindi mkubwa kuliko mstari wenyewe.

"Na zile nafasi tutakazookoa?" bosi akauliza.

"Tunazipeleka kwa ambao hawajatuona hata mara moja. Kwenye simu tumekwisha kumaliza watu. Wiki ya kwanza tuliwapata wapya wengi, sasa tunazunguka pale pale. Waliobaki hawaangalii video za vichekesho. Tuwafuate wanakokaa. Taarifa ya habari ya jioni kwenye televisheni. Tovuti za magazeti." Aliyasema haya bila hata kufikiri, maana ndiyo majibu sahihi, na alikuwa ameyasema kwa wateja wengine mara nyingi.

Wakakubali. Kikomo kikawekwa mara nne kwa wiki. Jioni alimpigia mdogo wake, akamwambia alale usingizi, akajicheka kwa kusema hivyo. Mdogo wake alicheka pia. Kwa siku kadhaa hali ilitulia kweli. Kwenye foleni ya mafuta hakuna aliyemhesabia. Yule mama wa mlangoni alianza tena kumsalimia.

Takwimu nazo zilipendeza. Watu wapya waliofikiwa walikuwa wengi kuliko mwezi uliopita wote. Bosi alileta keki, akatamka mbele ya wote kwamba kuna mtu mmoja tu hapa anayejua kazi yake, na Bwana Rudia, kwenye simu iliyowekwa sauti ya juu, alisema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na marudio. Bi Kikomo alikula kipande chake cha keki akimdharau kwa raha zote.

Bado alikuwa na makombo kwenye vidole mapokezi walipompigia kwamba ana mgeni. Alishuka. Mdogo wake alikuwa amekaa kwenye kochi la wageni, na hilo lilikuwa jambo la ajabu, kwa sababu saa ile alipaswa kuwa barabarani anawarudisha watoto. Alikuwa amevaa shati la kawaida, la mistari.

"Nani yuko kwenye basi?"

"Wamempa mwingine."

"Wale wazazi wamerudi?"

"Wazazi wametulia. Ni mwalimu mkuu." Alisugua magoti kwa viganja. "Jana alikuwa anangoja taarifa ya habari. Nikatokea. Ameniita asubuhi, hakugomba hata kidogo, heri angegomba. Ameniambia lile shati kitambaa chake alikichagua mwenyewe, hawezi kusema si la shule. Ameniambia wazazi walimweleza na yeye akawaona waongo. Amenipa barua ya kuachishwa kazi."

Bi Kikomo alikaa. Alitaka kusema kwamba taarifa ya habari lilikuwa wazo lake, lakini kitu kilichomtoka mdomoni kilikuwa kile cha kazi, kile anachomuuliza kila mtu anayelalamikia tangazo.

"Ameliona mara ngapi?"

Mdogo wake alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni.

"Mara moja, dada. Amesema imetosha."