Mto wa Sufi Kuukuu

Siku ya kwanza Kimya kumwona, yule mwanamke alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana ya magodoro, kanga ameifunga kichwani, anapiga chafya. Tajiri wao akamwuliza, "Wewe unayetaka kazi ya sufi, mbona chafya zimetangulia?"

"Zimekuja kubisha hodi, Tajiri," akajibu. "Mwenyewe nakuja nyuma."

Watu wakacheka. Kimya hakucheka, alizidisha kukanyaga cherehani yake barazani. Lakini siku ile alishona mshono mmoja mara mbili.

Kimya alikuwa fundi wa kushona mifuko ya magodoro na mito. Jina hilo alipewa kwa sababu mteja angeweza kuja, akapimiwa, akalipa na kuondoka asipate kwake zaidi ya "haya" na "karibu". Yeye alikaa nje kwenye hewa. Wachambuaji walikaa ndani, chumba kimoja, dirisha moja. Kazi yao kuitoa sufi kwenye magunia, kuipiga kwa fimbo mpaka ifumuke, kisha kuisukumiza kwenye mifuko mkono mzima hadi begani. Jioni walitoka weupe nyusi na kope, kama watu waliozeeka tangu asubuhi.

Mwanamke yule alikuwa mjane, amepanga chumba peke yake, na mdogo wake wa kike anaishi mji mwingine. Maneno hayakumwisha. Kila asubuhi alipita barazani na kusema, "Kaka Kimya, umeamkaje? Usijibu, nimeshaona umeamka." Kimya akainamisha kichwa kwenye sindano, na siku yake yote ikawa nzuri.

Mwaka wa pili kikohozi kikaanza. Mwanzo kilikuwa cha usiku tu. Alisimulia wakati wa chai: "Saa tisa naamka kifua kimebanwa kama nimefungwa mkanda wa mtu mwembamba. Nakaa kitako mpaka kuche. Na humo ndani kunapiga filimbi, fiii, fiii. Nikajua majirani wamenunua kinanda."

Wakamwita Mama Filimbi. Baadaye utani ukaisha, wakaanza kukitenga kikombe chake. Akaenda kupima makohozi, akaambiwa hana kifua kikuu. Aliileta karatasi akambandikia Tajiri ukutani. Kikombe hakikurudi.

Kulikuwa na jambo ambalo Kimya aliliona, kwa kuwa asiyesema huona sana. Yule mwanamke alipokwenda kwa mdogo wake kwa juma zima, alirudi anapumua vizuri, anaimba. Siku ya tatu ya kazi filimbi ikarudi. Kimya aliliona, akaliweka moyoni pamoja na mengine aliyoyaweka humo.

Ndipo akapata wazo la mto. Mtu anayelala kwa kukaa anahitaji mto mnene wa kuegemea. Akachagua kitambaa cha mistari, akashona pindo mara tatu. Na kwa kujaza hakuchukua sufi mpya. Mafundi wa magodoro wana neno lao: sufi mpya ya mteja, sufi kuukuu ya mpenzi. Maana yake sufi iliyolaliwa miaka mingi hulainika, ikawa kama mkate uliotafunwa. Kulikuwa na godoro kuukuu lililoletwa kubadilishwa, limelaliwa tangu enzi za babu wa mwenyewe. Kimya akatoa humo, akachambua kwa vidole tonge kwa tonge, jioni tatu.

Alimpa umefungwa kwenye gazeti. Alikuwa ametayarisha maneno mengi. Aliyoyatoa ni mawili: "Wa kuegemea."

Mwanamke akauweka shavuni. "Makubwa! Kimya amenitengenezea mto? Leo nalala mimi, filimbi ikeshe peke yake."

Baada ya majuma mawili alifika kazini mabega yamepanda, shingo inavutika kila pumzi. Alitaka kumsalimu Kimya. "Kaka," akasema, akavuta pumzi. "Kimya," akavuta tena. Sentensi haikufika mwisho.

Kimya aliacha kitambaa chini ya sindano, akamshika mkono, akasimamisha pikipiki, akampeleka zahanati.

Tabibu alikuwa mama wa makamo asiyepoteza muda. Alitwaa chupa ya plastiki iliyotobolewa kitako, akachomeka humo kopo dogo la buluu la dawa ya kuvuta, akamwekea mdomoni. "Vuta, toa. Vuta, toa. Polepole." Akarudia, akarudia. Alipopata nafuu kidogo akampulizisha bomba lenye namba la kupimia nguvu ya pumzi: mia na tisini. Akamwongezea dawa, na baada ya robo saa, mia mbili na sabini.

"Umeona? Njia zilikuwa zimebana, dawa imezifungua," akasema. "Hii ni pumu. Inakuja na kwenda, inapenda usiku na alfajiri, inapiga mluzi. Inachokozwa. Sasa tumtafute mchokozi. Unafanya kazi gani?"

"Nachambua sufi."

"Vumbi mchana kutwa. Ukiwa mbali na kazi?"

"Nalala kama mtoto."

"Nyumbani unachoma dawa ya mbu? Unapikia mkaa ndani?"

"Sichomi. Napikia nje."

"Unalalia nini?"

Mwanamke akatabasamu. "Mto mpya. Fundi huyu alinitengenezea."

Tabibu akamgeukia Kimya. "Umejaza nini?"

Kimya alitazama vidole vyake. "Sufi," akasema. "Kuukuu. Ndiyo laini."

Nje mtu alikuwa anamwita mgonjwa mwingine.

"Sufi kuukuu ina vumbi la miaka, na vidudu visivyoonekana kwa macho," tabibu akasema, sauti yake imepungua ukali. "Pumu hukuileta wewe, fundi. Ila umemwekea mchokozi puani usiku kucha."

Akatoa maagizo. Vidonge vya siku tano. Kopo la buluu ni la kutuliza, pale kifua kinapobana. Kopo la kahawia ni la kila siku, hata akijisikia mzima, na asukutue mdomo baada yake; akiliacha kwa sababu amepona, atarudi pale pale. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe kavu. Mto utupwe. "Na kwenye chumba kile cha sufi usirudi."

Kesho yake mwanamke alimwomba Tajiri ampe kazi nyingine. Tajiri si mtu mbaya, ni mtu wa kukata mambo. Walisimama barazani, mbele ya cherehani.

"Kazi ya nje ni kushona tu," Tajiri akasema. "Nina cherehani ya pili imelala, lakini hajui kushona. Fundi, unasemaje? Utamfundisha?"

Neno lilikuwa moja, na Kimya alilijua. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi miaka miwili. Lakini walimtazama wote, Tajiri, na wachambuaji mlangoni, mmoja wao akiguna, "Eee, shemeji!" Shingo ikamwaka moto. Akainamisha kichwa, akaanza kutunga uzi kwenye sindano iliyokwisha tungwa.

Tajiri akangoja kidogo. "Basi," akasema. "Mwenyewe hataki."

Mwanamke alipokuja kuaga alikuwa na siku kumi za kopo la kahawia, na filimbi haikusikika tena. Alikuwa anahamia kwa mdogo wake. Alimwekea Kimya juu ya cherehani mfuko wa mto, mtupu, umefuliwa, umekunjwa, pindo tatu bado zimenyooka.

Kimya alifungua mdomo. Yule mwanamke alingoja, kwa haki kabisa alingoja, mpaka mdomo ukafungwa tena.

"Mto wako ulinibana usiku, kaka," akasema, "na dawa yake nimepewa. Kimya chako ndicho kilichonibana mchana."